Gramu 80 Pekee Hazitoshi: Kuchagua Karatasi ya Kuchapia Nyakahura

Mtu anayenunua karatasi za kudurufu huuliza swali moja tu kaunta: hizi ni gramu ngapi? Akijibiwa kuwa ni gramu 80 huridhika, akiambiwa gramu 70 huanza kuomba apunguziwe bei. Swali hilo ni la haki, lakini katika sehemu kama Nyakahura, kwenye barabara inayotoka Lusahunga kwenda Rusumo, halipaswi kutangulia. Kazi kubwa ya uchapaji huko ni ya mitihani ya shule, na mitihani hiyo huangukia majira mabaya kwa karatasi. Ile ya kufunga muhula wa kwanza huandaliwa mwezi Mei, masika yakiwa bado hayajaaga, na ile ya kufunga mwaka huandaliwa Novemba, katikati ya mvua za vuli. Ndiyo miezi ambayo karatasi hutoka kwenye mashine zimejikunja kama maganda ya mdalasini, hukwama zinapochapwa upande wa pili, na herufi zake hufifia vipande vipande. Hoja ya makala haya ni kwamba katika hali hiyo karatasi ichaguliwe kwanza kwa ukavu wake, pili kwa uelekeo wa nyuzi zake, na tatu kwa uzito. Anayeanza na uzito hulipia gramu ambazo unyevu utazifanya zisimsaidie.

Tuanze hata hivyo na uzito wenyewe, kwa sababu ndio unaoandikwa kwenye rimu na ndio unaodanganyiwa watu. Gramu 80 maana yake ni kwamba karatasi hiyo ikitandazwa mpaka ikajaa mita moja ya mraba itakuwa na uzito wa gramu 80. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297, yaani ni sehemu moja ya kumi na sita ya mita ya mraba, kwa hiyo karatasi moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 hivi. Rimu ya karatasi 500 basi inapaswa kukaribia kilo 2.5 bila kuhesabu ganda lake. Rimu ya gramu 75 hukaribia kilo 2.34, na ya gramu 70 kilo 2.18. Tofauti kati ya 80 na 70 ni zaidi ya robo kilo, na mizani yoyote nzuri ya dukani itaionyesha. Kiwandani uzito hupanda na kushuka kidogo, kwa hiyo usigombane na muuzaji kwa gramu chache. Lakini rimu iliyoandikwa 80 ikisoma chini ya kilo 2.35, jua umeshika karatasi nyepesi kuliko ilivyoandikwa. Wala unyevu hauwezi kuficha udanganyifu huo, kwa kuwa hata rimu ya gramu 70 iliyofyonza maji mengi haitafika kilo 2.5.

Uzito una faida yake ya kweli, na faida hiyo ni ukakamavu. Kama karatasi mbili zimetengenezwa kwa namna moja, ukakamavu hauongezeki sambamba na unene. Unene ukiongezeka kidogo, ukakamavu huongezeka sana, kwa sababu hufuata unene uliozidishwa wenyewe mara tatu. Ukigawanya 80 kwa 70, kisha ukalizidisha jibu lenyewe mara tatu, utapata karibu 1.5. Maana yake ni kwamba karatasi ya gramu 80 ni nzito kuliko ya 70 kwa sehemu moja tu kati ya saba, lakini hustahimili kupindwa kwa karibu nusu zaidi. Ndiyo sababu hupita kwenye roli za mashine bila kulegea, na ikijikunja hujikunja kidogo. Kama hewa ingekuwa kavu mwaka mzima, mjadala ungeishia hapo, na kila mwenye uwezo angeambiwa anunue 80. Tatizo ni kwamba ukakamavu huo ni wa karatasi kavu. Maji yakiingia, nyuzi hulainika, na karatasi ya gramu 80 iliyoloa unyevu inaweza kulegea hata ikashindwa na ya 70 iliyo kavu.

Karatasi ni nyuzi za mti zilizokandamizwa, na nyuzi hizo hupenda maji. Hufyonza unyevu wa hewa na kuurudisha mpaka zilingane na hewa inayozizunguka. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 50, karatasi ya kawaida hutulia ikiwa na maji ya asilimia 5 au 6 ya uzito wake. Hewa ikifika asilimia 80, maji hayo hupanda hadi kwenye asilimia 9. Karatasi za kutolea kopi hutengenezwa zikiwa kavu kwa makusudi, zikiwa na maji ya asilimia 4 au 5, kwa sababu kiwanda kinajua zitapitishwa kwenye moto. Jambo hili linaweza kuonekana kwa macho kwenye mizani ndogo ya jikoni. Hesabu karatasi 100 za gramu 80 kutoka kwenye rimu uliyoifungua sasa hivi, nazo zitasoma gramu 499 au karibu na hapo. Ziache zimetandazwa mezani kwa usiku mbili za mvua, kisha uzipime tena. Zikiwa zimeongezeka gramu 15 au 20, hayo ni maji, na rimu nzima ya namna hiyo imebeba karibu nusu kikombe cha chai cha maji ambayo hayakuwamo ilipotoka kiwandani.

Sasa karatasi hiyo iingie kwenye kopia au printa ya leza. Mashine hiyo huchapa kwa umeme tuli: karatasi huchajiwa ili ivute unga wa tona kutoka kwenye dramu. Karatasi kavu huushika umeme huo, lakini karatasi yenye maji huupitisha ukapotea, na tona haitui vizuri. Hapo ndipo zinapotokea sehemu zilizopauka katikati ya ukurasa, na mwenye mashine hudhani tona imekwisha, akanunua katriji nyingine bure. Kisha karatasi huingia kwenye fyuza, sehemu yenye joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi, ambako tona huyeyushwa na kugandishwa. Upande unaogusa roli ya moto hukauka haraka kuliko upande wa pili. Upande uliokauka zaidi husinyaa, na karatasi hujikunja kuuelekea. Kadiri karatasi ilivyoingia na maji mengi, ndivyo ilivyo na maji mengi ya kupoteza kwa sekunde moja, na ndivyo inavyojikunja zaidi. Sehemu ya moto huo pia huishia kuchemsha maji badala ya kuyeyusha tona, kwa hiyo herufi hutoka kwa kusuguliwa na kidole. Ukiona mvuke kwenye mdomo wa kutolea karatasi, herufi zikafutika kwa kidole, na madoa yaliyopauka yakabadilika mahali kutoka ukurasa hadi ukurasa, kosa ni la karatasi. Madoa yakirudi mahali palepale kila ukurasa, hapo ndipo umwite fundi.

Kuna dalili nyingine inayoonekana kabla hata ya kuchapa. Rimu iliyofunguliwa haifyonzi unyevu sawasawa, kwa kuwa kingo ziko wazi na katikati pamebanwa. Kingo hufyonza kwanza, nyuzi zake hunenepa, na ukingo unakuwa mrefu kuliko katikati. Kwa kuwa haupati pa kukaa, hujipindapinda kama wimbi. Chukua rimu, iweke mezani, kisha inama uitazame kwa usawa wa meza. Kingo zikiwa zimenyooka, iko salama. Zikiwa na mawimbi, karatasi hizo zitapata makunyanzi kwenye fyuza, hasa karibu na mkia wa ukurasa, na kuziongezea uzito wa vitabu juu yake hakutazinyoosha, kwa sababu maji yaliyosababisha wimbi bado yamo ndani.

Mtu anaweza kupinga hapa kwamba Nyakahura si Tanga wala Dar es Salaam. Hakuna bahari, nchi imeinuka, mchana wa kawaida si wa kutokwa jasho, na jioni watu huvaa sweta. Pingamizi hilo lina ukweli nusu. Mchana hewa ya huko inaweza kuwa kavu vya kutosha, lakini ubaridi wa usiku ndio unaoleta unyevu. Hewa ya nyuzi 27 inaweza kubeba karibu gramu 26 za mvuke wa maji katika mita moja ya ujazo. Tuseme saa nane mchana ina asilimia 60, yaani gramu 15 na nusu hivi. Hali hiyo haimsumbui mtu wala karatasi. Hewa hiyohiyo ikipoa usiku hadi nyuzi 18, uwezo wake wa kubeba mvuke hushuka mpaka kwenye gramu 15 na nusu. Hakuna tone lililoongezwa, lakini asilimia 60 ya mchana imekuwa asilimia 100 alfajiri. Chumba cha bati kisicho na dari hupoa upesi pamoja na hewa ya nje, na karatasi iliyoachwa kwenye trei hukaa ndani ya hewa hiyo kwa saa nyingi. Kwa hiyo hata siku isiyo na mvua, rimu iliyo wazi hunywa maji usiku na kuyapunguza kidogo mchana, na kila mzunguko huiacha kingo zimechoka zaidi. Pwani unyevu ni wa kutwa kucha na mtu huuona. Hapa huja usiku wakati duka limefungwa, na ndiyo maana hupuuzwa.

Ukikubali hoja hiyo, kitu cha kwanza cha kukagua dukani si tarakimu ya gramu bali ganda la rimu. Kuna rimu zilizofungwa kwa karatasi yenye utando wa plastiki kwa ndani, na kuna zilizofungwa kwa karatasi tupu yenye rangi za kupendeza. Ya kwanza huzuia unyevu kwa miezi, ya pili hukinga vumbi tu. Ili kuzitofautisha, omba kipande cha ganda la rimu ya aina hiyo ambayo muuzaji ameshaifungua, ukichane polepole. Kama kuna utando, utauona ukivutika kabla ya kukatika. Kisha tazama ncha mbili za rimu yenyewe: gundi iwe imeshika, na pembe zisiwe zimepasuka, kwa sababu tundu dogo kwenye pembe linatosha kuharibu faida ya ganda zima. Karatasi inayouzwa Biharamulo au Ngara mara nyingi imepitia ghala la Dar es Salaam, imesafiri zaidi ya kilometa 1,000 kwa lori, ikakaa tena kwenye ghala la Mwanza au Kahama. Muulize muuzaji anazihifadhi wapi, na ikiwezekana utazame. Maboksi yaliyopangwa moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji, au yaliyoegemezwa ukuta wa nje, yanavuta unyevu kutoka chini na pembeni. Yaliyo juu ya chaga, mbali na ukuta, ndiyo ya kununua. Rimu ya gramu 75 kutoka kwenye boksi zima lililowekwa juu ya chaga ni bora kuliko ya gramu 80 iliyopasuka pembe na kukaa chini ya kaunta tangu masika.

Jambo la pili ni uelekeo wa nyuzi. Kiwandani karatasi hutengenezwa kwenye mkanda unaokwenda kasi, na nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa mkanda. Unyuzi ukipata maji hunenepa sana na kurefuka kidogo tu, kwa hiyo karatasi hutanuka zaidi kukingama nyuzi kuliko kuzifuata, mara mbili, tatu au zaidi. Ndiyo sababu karatasi haijikunji ovyo, bali huviringika kama bomba ambalo urefu wake umefuata nyuzi. A4 nzuri ya kutolea kopi huwa na nyuzi zinazofuata upande mrefu, ule wa milimita 297. Printa nyingi huvuta A4 kwa kutanguliza upande mfupi, hivyo nyuzi hizo huwa zimelala kufuata mwendo wa karatasi ndani ya mashine, na ncha inayotangulia haining'inii kirahisi wala kujikunja mbele ya roli. Nyuzi zikiwa zimelala kukingama safari, ncha hiyo hujiviringa juu au chini na kugonga mlango wa kwanza inaokutana nao. Jaribio lake ni jepesi. Kata kipande cha mraba chenye sentimita 10, uweke alama upande uliokuwa mrefu, kisha ulowanishe uso mmoja kwa kitambaa chenye maji. Kipande kitajiviringa mara moja, na urefu wa bomba linalotokea ndio uelekeo wa nyuzi. Ukilingana na alama yako, karatasi inafaa.

Jaribio hilo lina maana ya pekee kwa wanaonunua karatasi kubwa na kuzikatisha ili wapate nafuu ya bei. A3 yenye nyuzi zinazofuata urefu wake wa milimita 420, ikikatwa katikati, hutoa A4 mbili ambazo nyuzi zake zinafuata upande mfupi. Karatasi ni ileile, gramu ni zilezile, ukavu ni uleule, lakini sasa itakwama. Mwenye mashine atalaumu gramu, anunue nzito zaidi, na tatizo litabaki. Ukilazimika kukata A3, jaribu kipande kimoja kwa maji kwanza. Kopia kubwa nyingi zinaweza pia kuvuta A4 kwa kutanguliza upande mrefu, na karatasi ya namna hiyo ikilazwa vile kwenye trei, nyuzi zake zitafuata tena mwendo wa mashine.

Sasa turudi kwenye uzito, na kwenye pingamizi kubwa la bei. Wengi husema gramu 80 ni anasa kwa shule inayochangishwa na wazazi. Hesabu haiko upande mmoja tu. Tuchukue bei za mfano: rimu ya 80 iwe shilingi 12,000 na ya 70 iwe shilingi 10,500. Akiba ni shilingi 1,500 kwa rimu. Karatasi moja ya gramu 70 imegharimu shilingi 21, na ikiharibika ikiwa imeshachapwa upande mmoja, imekula pia tona, tuseme ya shilingi 15. Hasara ni shilingi 36. Ili akiba yote ya shilingi 1,500 iliwe, lazima rimu ya 70 iharibu karatasi 42 zaidi ya zile ambazo rimu ya 80 ingeharibu, yaani zaidi ya 8 katika kila 100. Kwa kazi ya upande mmoja, wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti, na karatasi ikiwa kavu, gramu 70 haitaharibu kiasi hicho, na kununua 80 ni kutupa fedha. Kwa kazi ya pande mbili mwezi Novemba mambo hubadilika, maana kila karatasi hupita kwenye moto mara mbili, na mara ya pili huingia ikiwa imeshapinda. Hapo kuharibu 8 katika 100 si jambo la ajabu, na gramu 80 hujilipa. Weka bei za dukani kwako mahali pa zangu, uhesabu zilizoharibika kwa rimu mbili tatu, nawe utapata jibu lako mwenyewe.

Wapo wanaokwenda upande wa pili na kusema kama 80 ni nzuri, 100 itakuwa nzuri zaidi. Kwa barua rasmi na vyeti wako sawa. Kwa mitihani hapana, kwa kuwa karatasi nzito hunyonya joto zaidi, hivyo mashine isiyorekebishwa huigandisha tona nusunusu, na ikirekebishwa hupunguza mwendo. Tena maji hufuata uzito: rimu nzito ikiachwa wazi hufyonza maji kwa uwiano uleule, na hukauka taratibu zaidi. Zaidi ya gramu 80, kwa kazi ya kudurufu, unalipia kitu ambacho ganda zuri na trei kavu vingekupa kwa bei ndogo.

Tuipitie kazi moja mpaka mwisho. Shule ina watahiniwa 200 wa mtihani wa utamirifu, masomo 6, na kila mtihani una kurasa 4, yaani karatasi 2 zilizochapwa pande zote. Mahitaji ni karatasi 2,400, ambazo ni rimu 4 na karatasi 400. Zinanunuliwa rimu 6, za gramu 80, zenye ganda la utando. Siku moja kabla zinaingizwa kwenye chumba cha mashine bila kufunguliwa, ili zilingane na joto la chumba, maana karatasi baridi ikifunguliwa katika hewa ya joto huvuta unyevu hapohapo. Sakafu haipigwi deki asubuhi hiyo. Kazi inaanza saa nne, hewa ikiwa imeshapata joto, na kwa kopia ya kurasa 25 kwa dakika pande 4,800 huchukua saa tatu na robo za kuchapa tupu, kwa hiyo hata pamoja na mapumziko na kubadili masomo kazi inakwisha kabla ya giza. Inafunguliwa rimu moja kwa wakati, na trei haijazwi zaidi ya karatasi 250. Zinazobaki hurudi kwenye ganda lake, likakunjwa mdomo na kuingizwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Jioni trei inaachwa tupu. Kama kopia yako ina hita ya trei, kama zilivyo nyingi kubwa, hakikisha imewashwa na waya haujachomolewa usiku, kwani hita hiyo imewekwa kwa ajili ya tatizo hilihili.

Kwenye kazi hiyo kuna marekebisho mawili ambayo hayagharimu kitu. La kwanza ni kuiambia mashine ukweli kuhusu karatasi. Kwenye orodha ya `Paper Type`, karatasi ya gramu 70 iwekwe `Thin` au `Light`, kufuatana na mashine, na ya 80 iwekwe `Plain`. Chaguo la kwanza hupunguza joto la fyuza, na kwa hiyo hupunguza kujikunja. Ukiona tona inafutika, rudi kwenye `Plain`. La pili ni kugeuza karatasi kwenye trei. Chapa kurasa 10, ziweke mezani, utazame pembe zinainukia wapi. Zikiinuka sana, toa karatasi kwenye trei, zigeuze tumbo kuwa mgongo, uchape tena 10. Kila karatasi ina mpindo mdogo wa kuzaliwa nao kiwandani, na upande mmoja mpindo huo huongeza ule wa fyuza, upande mwingine huupunguza. Ndiyo kazi ya mshale uliochapwa kwenye ganda la rimu nyingi: unaonyesha upande wa kuanza kuchapa. Kama unageuza mwenyewe kwa mkono ili kuchapa upande wa pili, ziache kwanza zipoe chini ya ubao wenye uzito, kisha uendelee siku hiyohiyo. Zikilala wazi, zitaamka na mawimbi.

Zimebaki dawa mbili zinazopendekezwa sana, na zote hazifai. Ya kwanza ni kuanika karatasi juani. Jua hukausha kingo na karatasi ya juu kwanza, wakati za kati zimebaki na maji, hivyo hupata mpindo mpya juu ya ule wa zamani. Karatasi iliyokwisha kutanuka na kusinyaa haikai tena kama ilivyotoka kiwandani. Ya pili ni vile vifuko vidogo vya chembe za kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu. Rimu ya kilo 2.5 iliyoongezeka asilimia 3 ina gramu 75 za maji ya ziada. Kifuko cha gramu 10 hubeba takriban theluthi ya uzito wake, yaani gramu 3 tu, kisha kinashiba. Rimu iliyokwisha kupata mawimbi usiihangaikie. Itumie kwa kazi ya upande mmoja mchana wa jua, au ipeleke kwenye rizografu, ambayo haina moto na wino wake huzama tu ndani ya karatasi. Hata hiyo hukwamishwa na kingo zilizopinda, lakini haiongezi mpindo wake yenyewe.

Printa za matangi ya wino zina kanuni tofauti kidogo, kwa kuwa zenyewe ndizo zinazomwaga maji. Uso uliochapwa hutanuka na karatasi huinamia upande mkavu, kisha wino ukikauka hugeuka na kujikunja upande wa maandishi. Hapo gramu 80 ndiyo ya chini inayofaa, na ukurasa wenye picha au weusi mwingi usubiri ukauke kabla ya kugeuzwa. Hata hivyo karatasi iliyoingia kavu hutanuka na kurudi kwa utaratibu, na iliyoingia na unyevu husambaza wino na kufanya herufi ziwe na nywele.

Basi utakapoingia dukani Oktoba kununua karatasi za mitihani ya Novemba, uliza kwanza zimewekwa wapi, tazama ganda na pembe zake, jaribu kipande kimoja kwa maji, na ndipo upime rimu kwenye mizani. Zikipita yote hayo na kazi ni ya pande mbili, lipa ya gramu 80 bila kusita. Kazi ikiwa ya upande mmoja, chukua 70 au 75 iliyo kavu na ununue mifuko ya plastiki kwa chenji. Usinunue za miezi sita kwa mara moja eti bei itapanda, isipokuwa una chumba chenye dari, rafu za mbao na maboksi yatakayobaki yamefungwa. Bila hivyo, bei ya chini uliyoipata Julai utailipa Novemba kwa karatasi zilizokwama.